Betri ya Dar katika baridi ya Njombe

*"Shikamoo fundi. Nilihamia Njombe mwezi wa 3 nikitokea Dar es Salaam, na gari langu ni dogo la Kijapani, la petroli, lita 1.5. Tangu baridi ya mwezi wa 6 ianze, asubuhi stata inazunguka kwa unyonge, na wiki hii imegoma kabisa. Betri iliyomo ina miaka mitatu na imeandikwa 46B24L. Dukani Makambako nimeonyeshwa tatu: 46B24R ya bei nafuu, N50 kubwa ya 60Ah iliyoandikwa 500 CA, na 55B24LS. Muuzaji anasema L na R ni suala la kugeuza tu. Jirani anasema betri kubwa ndiyo ya baridi, mwingine anasema kubwa itaunguza alteneta. Nichukue ipi?"*

Marahaba. Ile yenye R iache hapo hapo dukani, hata kama bei yake inavutia. N50 nayo iache, lakini si kwa sababu ya alteneta. Sababu yake ni nyingine na nitaieleza. Betri inayokufaa ni ya aina ya 55B24L, na hiyo 55B24LS uliyoonyeshwa inaikaribia sana isipokuwa kwa jambo moja dogo lililofichwa katika herufi ya mwisho.

Kabla ya kufungua pochi, hakikisha kwanza kwamba betri yako imechoka kweli, kwa maana betri iliyoishiwa chaji na betri iliyokufa hulia kilio kimoja. Ichaji usiku kucha kwa chaja, iache ikae saa kadhaa bila kuguswa, kisha uipime kwa mita. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebakiwa na kama nusu ya chaji, na ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Halafu mtu awashe gari nawe ukiwa umeshika mita juu ya vichwa vya betri. Stata inapozunguka, volti zitashuka, na hilo ni la kawaida, lakini zikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, hapo umepata jibu: ndani mwake hakuna tena nguvu ya kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Kwa betri ya miaka mitatu iliyotoka Dar nategemea utaona hivyo, ila dakika kumi za kupima ni nafuu kuliko kununua betri mpya kisha ukagundua kwamba tatizo lilikuwa taa ya buti isiyozimika.

Watu wengi wa huku juu huamini kwamba baridi ndiyo inayoua betri. Kwa kweli kinachoiua ni joto, na baridi huja tu kutangaza msiba. Katika joto la pwani, chini ya boneti iliyoegeshwa juani, maji ya betri hukauka haraka na fremu za risasi zinazoshika bamba huliwa na tindikali mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo gari huendelea kuwaka, kwa kuwa katika joto oili ya injini ni nyepesi, na tindikali hupenya upesi katika vitundu vya bamba, hivyo betri iliyobaki na nusu ya nguvu zake bado inatosha. Ukiipandisha betri hiyo hiyo hadi Njombe, asubuhi ya mwezi wa 7 ambapo umande umeganda majanini, mambo mawili hubadilika kwa pamoja: oili huwa nzito na stata hudai umeme zaidi, wakati tindikali iliyopoa hufanya kazi polepole na betri hutoa umeme pungufu. Betri yako ilianza kufa Dar; Njombe imekuonyesha tu.

Hapo ndipo tofauti ya ujazo na nguvu ya kuwashia inapokuwa muhimu, na ndipo jirani yako alipochanganya mambo. Ujazo, ule unaoandikwa kwa Ah, ni kiasi cha umeme kilichomo. Nguvu ya kuwashia, inayoandikwa CCA, ni kasi ambayo betri inaweza kuutoa. Fikiria kibuyu kikubwa chenye shingo nyembamba: maji yamo tele, lakini ukikiinamisha hutoka kidogo kidogo. Injini ya lita 1.5 kama yako inapowashwa huenda ikavuta ampia 150 kwa sekunde 3. Ukipiga hesabu, 150 mara 3 ni 450, gawanya kwa sekunde 3,600 za saa moja, unapata 0.125 Ah. Katika betri ya 45Ah hicho ni kijiko katika ndoo. Kwa hiyo gari linapogoma asubuhi, si lazima umeme uwe umekwisha. Mara nyingi upo, ila hauwezi kutoka kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana redio inaimba na taa za dashibodi zinawaka, lakini stata inasema "tk" na kunyamaza.

CCA hupimwa kwa betri iliyopoozwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Betri iliyoandikwa CCA 325 maana yake, kwa kipimo cha Kimarekani ambacho maduka yetu hukutana nacho zaidi, ni kwamba katika baridi hiyo iliweza kutoa ampia 325 kwa sekunde 30 bila volti zake kushuka chini ya 7.2. Njombe haifiki baridi ya namna hiyo, wala Makete kwenye uwanda wa Kitulo haifiki, kwa hiyo usiichukulie namba hiyo kuwa sharti la hali ya hewa yetu. Itumie kama mizani ya kulinganisha betri mbili za ukubwa mmoja: yenye CCA kubwa ina bamba zenye uso mpana zaidi ndani ya kasha lile lile, na itabakiwa na nguvu ya ziada itakapozeeka.

Sasa tazama namba iliyoandikwa kwenye N50 yako. Haikusema 500 CCA, ilisema 500 CA. Herufi moja imepungua, na pamoja nayo nyuzi 18: CA hupimwa kwenye sifuri, ambako kila betri huonekana shujaa. Kwa makadirio ya kazi, gawanya CA kwa 1.25 upate kitu kinachokaribia CCA, na hiyo 500 inageuka kuwa kama 400. Bado si mbaya, lakini si 500. Unapolinganisha betri mbili, hakikisha kwanza kwamba namba zote mbili ni za kipimo kimoja, la sivyo unalinganisha debe na kilo.

Mtego wa namna hiyo upo pia katika Ah. Wajapani kwa muda mrefu walikuwa na desturi ya kupima ujazo kwa kuimaliza betri katika saa 5, ilhali watengenezaji wengine wengi huimaliza katika saa 20. Betri ikitolewa umeme polepole hutoa jumla kubwa zaidi, hivyo 46B24 moja inaweza kuandikwa 36Ah na ndugu yake wa pacha akaandikwa 45Ah, na wote wawili wakawa sawa kabisa. Nimewaona wateja wakiilipia zaidi ile ya 45 kwa kudhani wamepandishwa daraja. Tafuta pembeni ya namba hiyo kama imeandikwa 5HR au 20HR.

Nirudi kwenye maandishi ya betri yako, kwa kuwa ndani ya 46B24L majibu karibu yote yamo. Namba ya kwanza, 46, ni daraja la nguvu kwa jumla; haiwakilishi ampia wala Ah, ila ikipanda kwenye kasha lile lile nguvu nayo imepanda. Herufi B inataja upana na kimo cha kasha, na 24 ni urefu wake kwa sentimita takriban. Kwa vipimo, kasha la B24 lina urefu wa milimita 238, upana wa kama 129, na kimo cha 227 ukihesabu hadi juu ya vichwa. Herufi ya mwisho, L, ni upande wa kichwa cha chanya.

Kwa hiyo 55B24 ni kasha lile lile, milimita kwa milimita, lenye nguvu zaidi. 46B24 huwa na CCA inayozunguka 325. 55B24 huwa juu ya hapo, kwa kiasi kinachotegemea mtengenezaji, nayo utaisoma kwenye lebo. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kuipa gari nguvu ya baridi bila kuibadilishia umbo: panda namba ya mbele, usiguse kinachofuata.

N50 ni kasha jingine. Ni jina la zamani la kasha la D26, lenye urefu wa milimita 260 na upana wa 173. Ina maana itazidi trei yako kwa sentimita 2 kwa urefu na zaidi ya sentimita 4 kwa upana. Nimeyaona magari mengi ambayo "iliingia": imekalia ukingo wa trei, brakiti ya kuishikilia haifiki, na fundi ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Barabara ya vumbi haitaisamehe betri ya namna hiyo. Bamba zinazotikiswa humwaga unga wake chini ya kasha, unga ukirundikana hushikanisha bamba, na seli moja hufa. Likiwa na bahati mbaya zaidi, kasha husogea hadi kichwa cha chanya kigonge chuma cha bodi, na hapo unazungumzia moto.

Kuhusu alteneta, huyo jirani wa pili umtulize. Betri kubwa haivuti umeme kwa sababu ya ukubwa wake. Huvuta kile ilichopungukiwa. Kama kuwasha kumetumia 0.125 Ah, alteneta itarudisha kiasi hicho na ziada kidogo inayopotea njiani, iwe betri ni ya 45Ah au ya 60Ah. Stata nayo huchukua ampia inazozihitaji tu, na haiunguzwi na betri yenye CCA kubwa. Kinachoichosha alteneta ni kuitwisha betri iliyokauka kabisa na kutarajia iijaze kwa safari ya kwenda sokoni na kurudi. Betri ya namna hiyo ipelekwe kwenye chaja kwanza. Ingekuwa trei yako ni ya D26, ningekuambia chukua hiyo N50 bila wasiwasi.

Tuje kwenye L na R, ambako nina deni langu mwenyewe la kulipa. Miaka ya mwanzo ya kazi hii hapa Mbeya, mteja mmoja alinipigia simu kutoka Tukuyu akitaka B24. Nikamuuliza, "Chanya iko upande gani?" Akajibu kwa uhakika, "Kushoto." Nikamtumia ya R kwa basi la mchana. Jioni simu ikaita: waya wa chanya haufiki, na kijana aliyekuwa akimsaidia amefunga waya kwenye vichwa vilivyokuwa karibu nao, pakatoka cheche na mlio, na sasa gari halina hata taa. Alikuwa ameunganisha kinyume. Fyuzi kuu ilikuwa imekatika, na kwa bahati alteneta ilipona, ingawa mara nyingi diodi zake ndizo huungua mwanzo. Mteja hakuwa amenidanganya. Alikuwa amesimama mbele ya gari, na betri yake ilikuwa imekaa vichwa vikiwa upande wa mbali, wa injini. Kutoka alipokuwa, chanya kweli ilikuwa kushoto. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya.

Tangu siku hiyo sikubali neno kushoto wala kulia bila kwanza kujua mtu amesimama wapi. Jifunze hivi: zunguka hadi vichwa viwili viwe kwenye ukingo wa kasha ulio karibu nawe. Ukiona chanya iko mkono wako wa kulia, hiyo ni L. Ndiyo, kulia ndiyo L, na hapo ndipo hata wauzaji wazoefu hujikwaa. Herufi hiyo haikutungwa na mtu aliyesimama ubavuni. Wajapani huitazama betri kutoka upande mfupi ulio karibu na chanya, na kutoka hapo chanya huonekana kushoto. Kama maelezo haya yanakuzungusha kichwa, piga picha ya betri yako ikiwa ndani ya gari, nyaya zikionekana, uipeleke dukani.

Je, kugeuza hakuwezekani? Ukiizungusha betri ya R nusu duara, chanya na hasi zitabadilishana kulia na kushoto, hilo ni kweli, na ndiyo maana maneno ya muuzaji yanasikika yana akili. Lakini vichwa haviko katikati ya kasha, viko ukingoni. Ukiizungusha vinahamia ukingo wa pili, mbali na nyaya. Waya wa chanya kwenye gari lako umekatwa kwa kipimo. Utavutwa, utakaa kwa mkazo, utasugua brakiti ya chuma, na siku mpira wake utakapotoboka utakumbuka ile nafuu ya bei.

Imebaki S. Katika makasha ya B19 na B24 kuna aina mbili za vichwa: vyembamba, ambapo chanya ina kipenyo cha takriban milimita 14.7, na vinene, ambapo chanya ni 19.5. S ya mwisho huashiria vinene. Betri yako ya zamani haina S, kwa hiyo vishikio vya nyaya zako ni vya vichwa vyembamba, navyo havitapita kwenye 55B24LS. Mafundi wengine huvipanua kwa bisibisi na nyundo hadi vipasuke. Kinyume chake nimeona pia: kishikio kipana kwenye kichwa chembamba, katikati pamejazwa kipande cha bati la kopo. Hapo ndipo umeme unapopotelea. Ampia 150 zikipita mahali palipolegea penye upinzani wa sehemu moja tu kati ya mia ya ohmu, volti 1.5 nzima huishia hapo hapo kama joto, na stata yako iliyokuwa ikihangaika na baridi inapewa pungufu zaidi. Muulize muuzaji kama ana 55B24L isiyo na S. Akiwa hana na huwezi kusubiri, chukua hiyo LS pamoja na vishikio vipya vya vichwa vinene, na fundi akate nyaya na kuzibana upya kwa koleo lake la kazi hiyo.

Kuna msaada mmoja uliofichwa kwenye vichwa hivyo: chanya daima ni kinene kuliko hasi. Wakati wa kufunga, kishikio cha chanya kikipwaya hata ukikaza nati hadi mwisho, na kile cha hasi kikikataa kuingia, acha mara moja. Uwezekano mkubwa ni kwamba umeshika kinyume. Wakati wa kufungua anza na hasi, na wakati wa kufunga imalizie hasi, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya kusiwe na njia ya umeme.

Dukani omba ipimwe mbele yako kabla hujalipa. Betri mpya ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa, na chumvi imeshaanza kugandia bamba. Nyingine ipo, subiri ile nyingine. Na ukirudi nyumbani uangalie oili ya injini. Kama bado unaendesha kwa 20W-50 uliyowekewa Dar, soma kitabu cha gari uone kama inaruhusu 5W-30 au 10W-30. Kwa asubuhi za Njombe, oili inayotiririka mapema humpunguzia stata mzigo kuliko unavyodhani.

Haya yote nimeyasema kwa gari la kawaida la petroli. Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani linataka betri ya aina yake, na lebo yake huanza na herufi kama Q-85 au M-42. Usiliwekee ya kawaida. Haibridi ambayo betri yake ndogo iko buti nayo mpelekee fundi anayezifahamu, kwa kuwa betri hiyo ina mrija wa kutolea hewa chafu nje ya gari. Na hata kwako, baada ya kufunga mpya, pima tena injini ikiwa inaunguruma: mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya 13.5 hata baada ya kuzima taa zote, au ikapanda kupita 15, alteneta ina kasoro na itaimaliza hata betri mpya. Nenda kwa fundi umeme siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukikuta betri ya zamani imevimba ubavuni au inanuka kama mayai viza, usiichaji wala usiwashie njiti karibu nayo.

Isipokuwa imevimba au inanuka, hiyo ya zamani ichukue hadi Makambako, uiweke mezani kando ya mpya, vichwa vikiwa upande wako, uzilinganishe kwa macho na kwa futi kamba. Usimkabidhi muuzaji kwa ajili ya kupunguziwa bei mpaka mpya iwe imekaa kwenye trei, brakiti imeishika, na gari limewaka.